Bei ya stradeli kabla ya taarifa ya mapato: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa msomaji wa Mombasa anayefuatilia hisa za Marekani usiku, anayejua koli na puti ni nini, na sasa anataka kusoma bei ya stradeli: soko linatarajia hisa iruke kiasi gani kampuni ikitangaza mapato, na je, opsheni zinauzwa ghali au rahisi? Tumechagua taarifa ya mapato kwa makusudi. Hapo ndipo watu wengi hutumia stradeli, na hapo ndipo hesabu hukosewa zaidi.

Stradeli ni nini, na kwa nini bei yake inatuambia chochote?

Ni koli moja na puti moja, zote za bei moja ya utekelezaji na tarehe moja ya kuisha, na bei hiyo ya utekelezaji iwe karibu kabisa na bei ya hisa kwa sasa. Mwenye stradeli hajali hisa inapanda au inashuka. Anachotaka ni iende mbali. Siku ya kuisha analipwa umbali kati ya bei ya hisa na bei ya utekelezaji, upande wowote ule.

Kwa hiyo bei ya stradeli ni bei ya umbali. Ikiuzwa dola 7, soko linasema kwamba, ukichanganya siku za mruko mkubwa na siku za utulivu, umbali wa wastani ni kama dola 7. Shika neno hilo «wastani», maana tutalirudia.

Tupeni mfano wenye tarakimu.

Huu ni mfano wa kubuni, lakini umepangwa kama hali halisi inavyokuwa. Ni Jumatatu, dakika chache kabla soko kufungwa. Hisa iko dola 100.20. Kampuni itatangaza mapato Jumatano baada ya soko kufungwa. Opsheni za karibu zinaisha Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Kwenye bei ya utekelezaji ya 100 unaona:

Koli: wanunuzi wanatoa 3.50, wauzaji wanataka 3.70. Katikati ni 3.60.
Puti: wanunuzi wanatoa 3.30, wauzaji wanataka 3.50. Katikati ni 3.40.

Stradeli kwa bei ya katikati ni 3.60 + 3.40 = 7.00. Ukigawa kwa 100.20 unapata karibu asilimia 7.

Kabla ya kwenda mbele, kagua kama bei ulizosoma ni mbichi. Toa puti kwenye koli: 3.60 − 3.40 = 0.20. Hisa nayo iko 0.20 juu ya bei ya utekelezaji. Zinalingana, basi endelea. Kama puti ikizidi koli kwa dola moja nzima huku hisa iko 0.20 juu, huenda bei ya upande mmoja ni ya zamani, au kuna gawio linakaribia, au hisa ni ngumu kukopwa kwa ajili ya kuuzwa. Usijenge hesabu juu ya tarakimu hizo mpaka ujue sababu.

Mbona jukwaa langu linaonyesha tarakimu nyingine chini ya «Expected Move»?

Kwa sababu majukwaa hayapimi kitu kimoja. Kwa stradeli hii hii ya dola 7 unaweza kukutana na majibu matatu. Wengine huchukua asilimia 85 ya stradeli: 5.95. Wengine huacha stradeli ilivyo: 7.00. Wengine huonyesha mkengeuko sanifu mmoja: 8.75.

Uhusiano kati ya hizo mbili za mwisho una msingi wa hesabu. Ikiwa mabadiliko ya bei yanafuata mkunjo wa kawaida wenye umbo la kengele, umbali wa wastani ni takriban 0.8 ya mkengeuko sanifu. Namba yenyewe ni kipeuo cha pili cha 2 gawa kwa π, yaani 0.798. Menachem Brenner na Marti Subrahmanyam waliichapisha mwaka 1988 kama njia ya mkato ya kutoa mtikisiko, yaani kiasi ambacho bei huyumba, kwenye bei ya opsheni bila kompyuta, na mpaka leo haijapata mpinzani kwa wepesi.

```
stradeli = 0.8 * S * sigma
sigma    = stradeli / (0.8 * S)
```

Hapa `S` ni bei ya hisa na `sigma` ni mkengeuko sanifu wa kipindi chote mpaka opsheni ziishe. Kwa mfano wetu, 7 gawa kwa 80.16 ni 0.0873, yaani asilimia 8.73.

Ile asilimia 85 ni desturi ya mezani tu. Haina ubaya ukiitumia kila mara kwa namna moja. Kosa ni kuchukua 5.95 ya jukwaa moja ukailinganisha na wastani wa miruko ya zamani, ukasema opsheni ni rahisi. Hapo ushapunguza asilimia 15 upande mmoja bila kugusa upande wa pili.

Kwa hiyo kuna uwezekano gani hisa ibaki ndani ya dola 7?

Kwa mkunjo wa kawaida ni kama asilimia 57 au 58. Wengi hudhani ni 68, lakini hiyo ni ya mkengeuko sanifu mmoja, yaani dola 8.75 kila upande. Maana yake ni kwamba hata bei ikiwa ya haki kabisa, anayenunua stradeli hupoteza mara nyingi kuliko anavyopata, na anapopata hupata zaidi. Kwa hiyo usihukumu bei kwa kuhesabu mara ngapi muuzaji alishinda.

Je, ile asilimia 7 yote ni ya taarifa ya mapato?

Hapana, na swali hili linastahili kukaliwa kitako. Kuanzia Jumatatu jioni mpaka Ijumaa jioni kuna siku nne za biashara: Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Taarifa ikitoka Jumatano baada ya kufungwa, soko huijibu Alhamisi. Jumanne, Jumatano na Ijumaa ni siku za kawaida, nazo pia zina mtikisiko wake uliolipiwa ndani ya zile dola 7.

Mitikisiko haitolewi moja kwa moja. Inayojumlishwa na kutolewa ni miraba yake. Tuseme siku za kawaida za hisa hii zina mkengeuko sanifu wa asilimia 1.6. Basi:

```
=SQRT((7/(0.8*100.2))^2 - 3*0.016^2)
```

Bandika hiyo kwenye lahajedwali upate 0.0828. Huo ni mkengeuko sanifu wa siku ya Alhamisi peke yake: asilimia 8.28. Zidisha kwa 0.8 upate umbali wa wastani wa siku hiyo, asilimia 6.62. Hii ndiyo tarakimu ya kulinganisha na historia, wala si ile 7.

Ile 1.6 inatoka wapi? Chukua mabadiliko ya kila siku ya siku 20 hadi 30 zilizopita, kufunga hadi kufunga, ondoa siku ya taarifa iliyopita kama imo, kisha tafuta mkengeuko sanifu wake. Kama kuna opsheni zinazoisha kabla ya taarifa, stradeli yake ni bora zaidi, maana inakuambia soko linazionaje siku za kawaida zijazo badala ya zilizopita.

Nikikosea ile asilimia 1.6 itanigharimu kiasi gani?

Ukitumia opsheni za wiki hiyo, kidogo. Weka 2.2 badala ya 1.6, na umbali wa wastani wa Alhamisi unashuka kutoka 6.62 hadi 6.29 tu.

Sasa chukua opsheni za mwezi mmoja, zenye siku 20 za biashara. Kwa soko lile lile stradeli ingekuwa karibu dola 8.68, na siku za kawaida ni 19. Ukitoa siku 19 za asilimia 1.6 unarudi kwenye 6.62. Ukitoa siku 19 za asilimia 2.2 unapata 4.02. Kosa dogo la makadirio limekula zaidi ya theluthi ya jibu! Ndiyo maana kanuni yetu haina mjadala: tumia tarehe ya kuisha iliyo karibu zaidi baada ya taarifa. Kama kampuni haina opsheni za wiki na ya karibu iko wiki tatu mbele, soma jibu kama kiwango kipana, usilitie desimali.

Historia nipime vipi?

Kufunga hadi kufunga, kwa siku sahihi. Taarifa ikitoka baada ya soko kufungwa Jumatano, linganisha kufunga kwa Jumatano na kufunga kwa Alhamisi. Ikitoka asubuhi ya Jumatano kabla ya kufunguliwa, linganisha kufunga kwa Jumanne na kufunga kwa Jumatano. Kampuni nyingine zimewahi kubadilisha saa ya kutangaza, kwa hiyo kagua kila robo mwaka kivyake. Ukikosea siku utarekodi mruko wa asilimia 0.7 mahali palipokuwa na asilimia 9, na opsheni zote zitaonekana ghali.

Futa alama za kutoa. Tunataka umbali tu. Tuseme robo nane zilizopita zilikuwa hivi, kwa asilimia:

4.1, 9.8, 2.3, 6.0, 12.5, 3.7, 5.2, 1.9

Jumla ni 45.5, wastani ni 5.69. Thamani ya kati ni 4.65. Utashawishika kutumia hiyo ya kati kwa sababu haivutwi na ule mruko wa 12.5, lakini kwa kazi hii ni kosa. Stradeli hulipa kila mruko kwa ukubwa wake, ile 12.5 nayo imo. Anayeitupa anatupa hasa kile ambacho mnunuzi analipia.

Basi soko linataka 6.62 na historia inasema 5.69. Ni ghali, au sivyo?

Inaonekana ghali. Kama ni ghali kweli, bado hatujui. Pitia mambo mawili.

La kwanza ni gharama ya kuingia. Bei ya katikati haiuzwi na mtu. Ukinunua kwa bei ya wauzaji unalipa 3.70 + 3.50 = 7.20, ukiuza kwa bei ya wanunuzi unapokea 6.80. Rudia hesabu ileile kwa kila upande na Alhamisi inageuka: mnunuzi analipia umbali wa 6.84, muuzaji anapokea 6.41. Kwa hiyo «ughali» ambao muuzaji anaweza kuutia mkononi ni 6.41 toa 5.69, yaani 0.72 ya asilimia, wala si 0.93 kama ilivyoonekana mwanzo. Na hapa pengo la bei ni la senti 20 tu kwa kila opsheni. Kwenye hisa ndogo pengo la senti 60 au dola nzima ni jambo la kila siku, na huko hesabu yote hii haifui dafu.

La pili ni uchache wa ushahidi. Namba nane ni chache mno. Ukitafuta mkengeuko sanifu wa zile namba nane unapata karibu 3.7, gawa kwa kipeuo cha pili cha 8, upate 1.3. Yaani wastani wetu wa 5.69 unaweza kuyumba kwa 1.3 juu au chini bila sababu yoyote ya maana. Bei ya 6.41, na hata 6.62, zimo ndani ya mpaka huo. Ondoa robo moja tu, ile ya 12.5, na wastani unaanguka hadi 4.71. Hukumu inayoning'inia kwenye robo moja haijawa hukumu.

Msimamo wetu kwa mfano huu: bei iko upande wa juu kidogo, na haitoshi kumfanya mtu auze. Tungetamka «ghali» bila kusita kama muuzaji angekuwa anapokea umbali wa 8 au zaidi. Tungetamka «rahisi» kama mnunuzi angekuwa analipa kama 4. Katikati ya hapo jibu la kweli ni kwamba soko limepima vizuri kukushinda wewe na kalamu yako, na matokeo ya aina hiyo ndiyo utakayoyapata mara nyingi zaidi.

Lakini muuzaji angeshinda robo sita kati ya nane. Si biashara nzuri hiyo?

Hesabu pesa, usihesabu ushindi. Akiuza kwa 6.41 kila robo, anapokea 51.3 na kulipa 45.5, abaki na kama 5.8 kwa robo zote nane, sawa na 0.72 kwa robo. Robo ile moja ya 12.5 pekee ilimtoa 6.09. Robo moja mbaya kama hiyo inafuta faida ya wastani ya robo nane, yaani miaka miwili.

Na 12.5 si kubwa. Tarehe 3 Februari 2022 hisa ya Meta ilishuka zaidi ya asilimia 26 siku moja baada ya taarifa yake. Tarehe 20 Aprili mwaka huo huo Netflix ilishuka asilimia 35. Miruko ya siku za mapato haina umbo la kengele: kuna midogo mingi, na michache mikubwa kupita kiasi. Historia ya robo nane inaweza kukosa hata mmoja wa aina hiyo, na bei iliyoonekana ghali ikawa inalipia kitu ambacho hakijatokea bado. Kuuza stradeli tupu, bila kununua opsheni za mbali za kukinga kila upande, ni kazi tusiyomshauri mtu wa mfuko wa kawaida kuifanya kwa kisingizio chochote.

Nimenunua kwa 7.20. Alhamisi itakuwaje?

Mkataba mmoja ni hisa 100, kwa hiyo umetoa dola 720. Dola ikiwa shilingi 129, hizo ni shilingi 92,880 kabla ya ada. Alhamisi soko likifungwa imebaki siku moja ya kawaida. Hisa ikiwa imekaa palepale 100, stradeli yako haina tena taarifa ndani yake, na thamani yake ni 0.8 × 1.6, yaani karibu dola 1.28. Kutoka dola 720 hadi dola 128 kwa mkataba, na hisa haikufanya kosa lolote. Hisa ikienda hadi 105 utakuwa na kama dola 5. Ikifika 107 bado hujarudisha ulicholipa.

Hili huwashangaza wageni wanaosema «nilipatia, hisa iliruka». Iliruka, ila pungufu ya bei.

Bei ya hisa ikiwa katikati ya bei mbili za utekelezaji?

Tumia iliyo karibu, kisha sahihisha. Stradeli iliyo pembeni huwa juu kidogo kuliko ingekuwa katikati. Kiasi cha kupunguza ni 0.4 zidisha mraba wa umbali, gawa kwa mkengeuko sanifu kwa dola. Hisa ikiwa 101.50 na bei ya utekelezaji 100, hiyo ni 0.4 × 2.25 ÷ 8.75, kama senti 10. Kwa hisa yenye mruko mkubwa unaweza kuipuuza. Kwa hisa tulivu yenye mkengeuko wa dola 2, umbali ule ule unaongeza senti 45, na hapo usipuuze.

Saa ngapi za Mombasa nichukue bei?

Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu alasiri kwetu na kufungwa saa tano usiku. Miezi mingine ni saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa sita usiku. Sisi huku hatubadilishi saa, wao hubadilisha, na wiki hizo mbili za mabadiliko ndizo watu hujikuta wamechelewa.

Chukua bei katika nusu saa ya mwisho. Nusu saa ya kwanza mapengo ni mapana na bei ya katikati hudanganya. Soko likifungwa, bei zinazobaki kwenye skrini ni za maonyesho tu. Opsheni za hisa moja moja haziuzwi baada ya hapo, ijapokuwa hisa yenyewe huendelea kuruka taarifa ikitoka.

Je, naweza kufanya hivi kwa hisa za Nairobi?

Unahitaji opsheni zenye wanunuzi na wauzaji wengi kila siku. Soko la NEXT la Nairobi lilizinduliwa Julai 2019 likianza na fyucha, na bei ya fyucha haikuambii chochote kuhusu umbali.

Vipi kuhusu uhalali wake kwa Mwislamu?

Swali hili huulizwa sana hapa Pwani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha saba mjini Jeddah mwaka 1992, lilitoa azimio namba 63 kwamba mikataba ya opsheni kama inavyofanywa katika masoko ya dunia haijuzu. Ukitaka fatwa ya hali yako, nenda kwa mwanachuoni unayemwamini. Kwa upande wa hesabu, kusoma bei si kununua. Mwenye hisa 200 za kampuni anaweza kuangalia stradeli Jumatatu, akaona Alhamisi imetengewa umbali wa asilimia 6.6, akaamua kama mfuko wake unastahimili mruko wa mara mbili ya hapo au apunguze hisa kabla ya Jumatano, bila kugusa opsheni hata moja.

Niweke kumbukumbu gani?

Mstari mmoja kwa kila taarifa: tarehe na saa ya kuchukua bei, bei ya hisa, stradeli kwa katikati, kwa kununua na kwa kuuza, idadi ya siku za kawaida, kadirio lako la siku ya kawaida, umbali uliotolewa kwa ajili ya siku ya taarifa, kisha mruko halisi ukifika. Andika umbali uliokadiriwa kabla ya taarifa kutoka, usirudi kuujaza baadaye kwa bei za kukumbuka. Kampuni moja itakupa mistari minne tu kwa mwaka, kwa hiyo fuata kampuni kumi za sekta moja upate arobaini.